Rauta mpya imetoka kwa boksi: vile unaiseti mara ya kwanza, kutoka paswadi ya admin hadi jina la waifai

Shangazi yangu anakaa Lanet hapa Nakuru, na chumba cha mbele cha nyumba yake ni saluni. Siku moja asubuhi alinipigia simu akaniambia, "Mwanangu, waifai imekataa, inasema paswadi si sawa, na mimi sijagusa kitu." Nikaenda. Nikajaribu kuingia kwa kurasa za rauta yenyewe ili niangalie ni nini, nazo pia zikakataa. Nikamuuliza paswadi ya admin ilikuwa gani, akanijibu, "Si ni ile ile tu ya waifai, fundi alisema hivyo ni rahisi kukumbuka." Sasa hiyo paswadi ya waifai ilikuwa imeandikwa kwa karatasi na kubandikwa kwa kioo, wateja wasome wakingoja kusukwa. Yaani kila mtu aliyekaa kwa kile kiti alikuwa na funguo za mlango na pia hati ya nyumba, na mmoja wao aliingia akabadilisha zote mbili.

Rauta yenyewe ilikuwa ya zamani, kwa hivyo hatukuhangaika nayo, tulienda tauni tukanunua mpya, TP-Link Archer C6. Nitakueleza vile tulivyoiseti jioni hiyo, hatua kwa hatua, kwa simu tu bila laptopu, juu watu wengi hawana laptopu na wanadhani lazima iwe. Kama yako ni ya kampuni nyingine usijali, kurasa zinafanana sana, kinachobadilika ni rangi na mpangilio.

Karatasi na kalamu kwanza, kabla hata ya stima

Ukiwasha rauta mpya na ufungue ukurasa wake, inakupeleka kwa kurasa kadhaa za maswali zikifuatana, hiyo ndio wizadi ya mwanzo. Shida ya wizadi ni kwamba inauliza haraka, na mtu anajibu haraka, anaandika paswadi ya kwanza inayokuja kichwani na baada ya wiki moja hakumbuki. Na kuna kitu ambacho wengi hawajui, kwamba haingoji ufike mwisho ndio isevu kila kitu. Kwa hii Archer, paswadi ya admin inashika papo hapo unapobonyeza kitufe cha kwanza. Stima ikipotea katikati, ukirudi utakuta inataka ile paswadi, haikuulizi tena uitengeneze. Kama hukuiandika, umejifungia nje ya rauta ambayo haijamaliza hata nusu saa.

Kwa hivyo chukua karatasi uandike mistari mitatu. Wa kwanza, paswadi ya admin, hiyo ndio inafungua kurasa za rauta zenye mipangilio yote, na ni yako peke yako. Wa pili, jina la waifai na paswadi yake, hiyo ndio ya watu wa nyumba. Wa tatu ni wa kampuni yako ya intaneti, kama walikupa jina na paswadi kwa meseji siku ya kukuwekea laini. Huo wa tatu si kila mtu anao, na ndio unachanganya watu kabisa, juu wizadi inauliza "Username" na "Password" na mtu anadhani ni za waifai, anaandika za kwake, halafu intaneti inakataa na analaumu rauta. Hizo ni za kampuni, huwezi kuzitunga, wao ndio wanakupa. Kama huna na laini yako inazihitaji, wapigie kabla hujaanza, usiku wa Jumapili si wakati mzuri wa kuzitafuta.

Shangazi alikuwa na yake kwa meseji ya zamani, ilituchukua kama robo saa kuitafuta kati ya meseji za mpesa. Tukaiandika.

Kuunganisha

Hapa napita haraka. Toa rauta, chomeka adapta yake yenyewe, si ya redio wala ya rauta ya zamani hata kama tundu linaingia. Angalia nyuma, kuna tundu moja limeandikwa "WAN" au "Internet", limejitenga na mengine au lina rangi yake. Kebo inayotoka kwa kile kiboksi cha kampuni inaingia hapo. Ukiiweka kwa yale mengine yaliyoandikwa LAN, waifai itawaka vizuri kabisa lakini rauta haitaona intaneti, na hilo ndio kosa naliona mara nyingi kuliko mengine yote kwa mambo ya kebo.

Washa, ngoja kama dakika mbili taa zitulie. Geuza rauta uangalie stika iliyo chini. Hapo kuna jina la waifai ya kiwandani, kwa TP-Link linaanza na "TP-Link_" halafu herufi kidogo, na kuna paswadi yake, mara nyingi tarakimu 8. Piga hiyo stika picha sasa hivi. Ukishaitundika ukutani hutataka kuiteremsha.

Ingia kwa hiyo waifai ukitumia simu, halafu zima data ya simu. Hii naisisitiza juu ndio inawashinda watu wengi zaidi kwa hii kazi. Rauta bado haina intaneti, simu inaona hivyo, inasema waifai hii haina intaneti, na kimya kimya inarudi kwa bando lako. Wewe unaandika anwani ya rauta lakini simu inaitafuta huko nje kwa mtandao wa simu, na huko rauta yako haiko. Ukurasa unazunguka tu au unakuja kitu kingine kabisa. Zima data, na simu ikikuuliza kama unataka kubaki kwa waifai isiyo na intaneti, sema ndio.

Fungua brauza, Chrome au yoyote ile, na pale juu kabisa kwa mstari wa anwani andika:

```
http://tplinkwifi.net
```

Andika na hiyo `http://` mwanzo. Ukiandika jina tupu brauza nyingine zinadhani unatafuta kitu, zinakupeleka kwa utafutaji. Ikikataa jaribu `http://192.168.0.1`. Kwa rauta za Tenda ni `tendawifi.com`, za Mercusys ni `mwlogin.net`, na kama yako ni nyingine anwani iko kwa ile ile stika. Mimi napenda jina kuliko namba, juu kile kiboksi cha kampuni pia ni rauta, na kama chenyewe kinatumia namba hiyo hiyo basi yako inaweza kubadilisha yake ili zisigongane, na wewe ukiandika namba ya zamani hufiki popote. Brauza inaweza kukuonya kwamba ukurasa si salama, hapo usiogope, ni kwa sababu hautumii `https`, na unaongea na kifaa kilicho mita moja kutoka kwako.

Ukurasa wa kwanza: paswadi ya admin

Swali la kwanza kwa Archer ni kutengeneza paswadi ya admin, kuna visanduku viwili, "New Password" na "Confirm Password", halafu kitufe cha "Let's Get Started". Haikuulizi jina la kuingilia, paswadi tu. Rauta za zamani kidogo zinakuja na jina `admin` na paswadi `admin`, na hazikulazimishi kuzibadilisha, kwa hizo ni lazima uende mwenyewe ukabadilishe baadaye kwa sehemu ya mfumo, juu kila mtu duniani anazijua.

Hapa ndio nataka utulie. Kuna rauta ambazo wizadi yake ina kisanduku kidogo cha kutiki, kinasema utumie paswadi ya waifai kuwa ya kuingilia pia, na nyingine kinakuja kikiwa kimetikiwa tayari. Toa hiyo tiki. Ile ndio ilimwangusha shangazi. Paswadi ya waifai unaipatia watu, mgeni, mtoto wa jirani, fundi wa tivi, na simu za siku hizi zinaweza kuionyesha kwa ile picha ya miraba ya kuskani, kwa hivyo uliyempa anaweza kumpa mwingine bila wewe kujua. Akiwa ndani ya waifai yako, anwani ya kurasa za rauta anaijua, ni ile ile ya kila mtu. Kitu kimoja tu kinamzuia, paswadi ya admin. Akipita hapo anaweza kukufungia nje kama ilivyotokea Lanet, au mbaya zaidi asibadilishe kitu unachoona, abadilishe DNS, ambayo ndio inaambia simu zako tovuti fulani iko wapi, na simu za nyumba nzima zianze kupelekwa kwa kurasa za uongo bila mtu kushuku.

Hii paswadi hutaiandika kila siku, pengine mara mbili kwa mwaka, kwa hivyo haina haja ya kuwa fupi. Iandike kwa karatasi kwanza, halafu uinakili kwa skrini, si kinyume chake. Rauta hii inataka uchanganye angalau herufi na tarakimu au alama, ikikataa soma ile maandishi nyekundu chini, itakuambia inakosa nini.

Na angalia simu yako inavyoandika. Kibodi ya simu inapenda kuanza na herufi kubwa yenyewe. Wewe unadhani umeandika `kisima`, kumbe ni `Kisima`, na kwa rauta hizo ni paswadi mbili tofauti kabisa. Pia ukichagua neno kutoka kwa mapendekezo ya kibodi, inaongeza nafasi mwishoni, na nafasi hiyo huioni. Kila kisanduku cha paswadi kina alama ya jicho pembeni, bonyeza jicho, soma herufi moja moja ukilinganisha na karatasi. Kisanduku cha kurudia hakikusaidii hapa, juu kibodi itafanya kosa lile lile mara mbili na vitafanana. Shangazi alikuwa ananisomea kutoka kwa karatasi na mimi nahakiki kwa skrini, na kweli tulipata K kubwa pale mwanzo.

Bonyeza "Let's Get Started". Kuanzia hapo ile paswadi ni sheria.

Saa na laini ya intaneti

Inafuata saa za mahali, chagua (GMT+03:00) Nairobi. Ukiacha vile ilivyo intaneti itafanya kazi, lakini siku utakayotaka kufunga simu ya mtoto saa tatu usiku, rauta itafunga kwa saa za nchi nyingine.

Halafu aina ya laini, "Internet Connection Type". Zitaonekana majina kama matano, lakini kwa nyumba nyingi huku kwetu ni mawili yanayohusika. Kama rauta yako imechomekwa kwa kiboksi cha kampuni ambacho chenyewe kina waifai, chagua "Dynamic IP", haiulizi kitu, unaendelea. Kama kebo inakuja moja kwa moja kwako na ulipewa jina na paswadi kwa meseji, chagua "PPPoE" na hapo ndio ule mstari wa tatu wa karatasi unaingia. Unakili kama ulivyo, kama kuna nukta au mstari wa chini uweke. Kuna kitufe cha "Auto Detect" kinachojaribu kukisia, kinasaidia, ila kebo lazima iwe imechomekwa kwa WAN na laini iwe hai.

Ikikuuliza kuhusu MAC, ile namba ya kutambulisha kifaa, acha ya kawaida. Mara chache kampuni inakuwa imefunga laini kwa kifaa chako cha zamani, basi mpya haipati kitu hata kama umefanya yote sawa, na dawa ni kuwapigia uwaambie umebadilisha rauta.

Jina na paswadi ya waifai

Huu ndio ukurasa ambao watu wanaufurahia. Utaona sehemu mbili, 2.4GHz na 5GHz. Ya 2.4 inafika mbali na inapita ukuta vizuri kuliko mwenzake. Ya 5 ina kasi lakini inachoka haraka, ukuta wa mawe ukiwa mmoja au miwili tayari unasikia. Kuna kitu cha "Smart Connect" ambacho kinaziunganisha kwa jina moja na rauta yenyewe inachagua ni ipi inayofaa simu yako. Kama vifaa vyako vyote ni vya karibuni, iwashe na usahau. Kwa shangazi niliizima, juu tivi yake ya saluni inajua 2.4 peke yake, na nilitaka nione kwa macho ni kifaa gani kiko wapi. Tukaita moja `Mwembe` na nyingine `Mwembe_5G`, kwa ajili ya mwembe ulio nje ya mlango wake.

Jina linaweza kufika herufi 32. Usiweke namba ya nyumba, jina lako kamili wala namba ya simu, hilo jina linaonekana na kila mtu anayepita barabarani na simu. Usiweke pia vikatuni vya kibodi au alama ya ritifaa. Hiyo ritifaa inaleta taabu ya ajabu, simu inaibadilisha kuwa ile iliyopinda, na kuna tivi ambazo zikiona herufi zisizozijua zinaonyesha takataka au hazioni jina kabisa.

Paswadi ya waifai inaanzia herufi 8 hadi 63. Watu wengi wanaweka namba ya simu. Naelewa kwa nini, ni rahisi, lakini hebu tupige hesabu. Namba ya simu ya Kenya ina tarakimu 10 na inaanza na 07 au 01, kwa hivyo zinazobaki za kukisia ni 8, yaani namba milioni 100 kwa kila mwanzo. Inaonekana nyingi, ila anayekisia hafanyi hivyo kwa mkono akiwa nje ya geti lako. Anarekodi ile salamu ambayo simu yako na rauta zinapeana wakati wa kuunganika, anaenda nayo nyumbani, na kompyuta yenye kadi nzuri ya picha inajaribu maelfu kwa maelfu kila sekunde, rauta yako haijui kitu. Namba milioni 100 haziifikishi hata siku moja. Hesabu hiyo hiyo inahusu zile tarakimu 8 za stika, ndio maana usibaki nazo.

Kinachosaidia ni urefu. Mimi nachukua maneno manne ya Kiswahili yasiyo na uhusiano, nayaunganisha kwa herufi ndogo tupu, bila nafasi. Mfano `darajamuhogotaasungura`. Hiyo usiitumie, umeshaiona na wengine wameiona, tunga yako. Uzuri wa herufi ndogo tupu utauona siku ya kuiandika kwa tivi kwa rimoti, ile ya kusogeza mshale herufi moja moja. Paswadi ya kuchanganya herufi kubwa na alama utaikosea mara tatu na utataka kutupa rimoti. Epuka pia sifuri na O, moja na l, ukizisoma kwa karatasi huwezi kuzitofautisha.

Kuna ujanja hapa ambao unaokoa muda mwingi. Ukipa rauta mpya jina lile lile la zamani na paswadi ile ile ya zamani, herufi kwa herufi, simu na tivi zote za nyumba zitaingia zenyewe bila kuguswa, juu zinakumbuka jina na paswadi, hazijali ni boksi gani. Nilifanya hivyo kwa jirani yangu mwenye kamera na printa na ilikuwa raha. Lakini lazima ile ya zamani uizime, zisiwe mbili hewani na jina moja. Na kwa shangazi haikuwezekana, paswadi ilikuwa imekaa kwa kioo zaidi ya mwaka, tukaanza upya.

Kwa sehemu ya ulinzi, ikiulizwa, chagua WPA2-PSK na AES. WPA3 ni nzuri zaidi, ila vifaa vingine vya zamani haviioni, na rauta nyingi zina chaguo la kuchanganya zote mbili, hilo ni salama kujaribu. "No Security" usiguse.

Pale inapokata ghafla

Unabonyeza mbele, na baada ya sekunde chache simu inatoka kwa waifai, ukurasa unaganda, duara linazunguka. Hapo watu wanashtuka, wanazima rauta kwa swichi, na wengine wanabonyeza riseti. Usifanye hivyo. Haijaharibika kitu. Uliingia kwa kutumia jina la stika, na sasa umelifuta jina hilo mwenyewe, simu inatafuta kitu ambacho hakipo tena.

Ngoja kama dakika moja. Fungua orodha ya waifai kwa simu, utaona jina lako jipya. Ingia kwa paswadi mpya kutoka kwa karatasi, angalia data ya simu bado imezimwa, halafu rudi kwa brauza. Pengine ukurasa utaendelea wenyewe, pengine itabidi ufungue `http://tplinkwifi.net` tena na uandike paswadi ya admin. Kama wizadi haikuwa imeisha utaikuta chini ya "Quick Setup", unapita haraka tu hadi mwisho, majibu yako mengi yako pale.

Kama simu inasema paswadi si sawa na una hakika iko sawa, kuna sababu mbili. Ya kwanza ni ile nafasi au herufi kubwa iliyojificha tuliyoisema. Ya pili, kama umetumia jina la zamani na paswadi mpya, simu bado inajaribu paswadi ya zamani, iambie iusahau huo mtandao kisha uingie upya. Usipofanikiwa kabisa, chomeka laptopu ya mtu kwa tundu la LAN kwa kebo, hapo huhitaji paswadi ya waifai, unafungua kurasa kwa ile ya admin na unaisoma uliyoiandika kwa macho yako.

Riseti ni ya mwisho kabisa. Ni kile kitundu au kitufe kidogo nyuma, unakibana kama sekunde 10 rauta ikiwa imewashwa hadi taa zibadilike, na inarudi kama ilivyotoka kiwandani, jina la stika, paswadi ya stika, na wizadi kutoka mwanzo. Inafuta pia zile za PPPoE, kwa hivyo kama hukuziandika utalala bila intaneti.

Mwishoni wizadi inajaribu laini na kukuonyesha muhtasari wa ulichoweka. Piga picha ya huo ukurasa kama unaonyesha paswadi na simu ni yako. Ikikuambia kuna programu mpya ya rauta ya kusasisha, ni vizuri kuifanya, lakini si wakati stima zinacheza, ikizima katikati ya kusasisha rauta inaweza kufa kabisa. Siku hiyo kulikuwa na mvua na taa zilikuwa zikififia, tukaiacha hadi kesho yake asubuhi.

Wateja wa saluni

Wizadi iliisha lakini kazi ya shangazi haikuwa imeisha, juu wateja bado wanataka waifai na hiyo karatasi ya kioo lazima irudi. Ndani ya kurasa za rauta kuna "Guest Network", ni waifai ya pili kwa boksi lile lile. Tuliiwasha kwa 2.4 peke yake, tukaiita `Saluni_Wageni`, na paswadi yake fupi kidogo ya kusomeka. Kuna tiki ya kuruhusu wageni kufikia mtandao wa ndani, tukahakikisha haijatikiwa.

Halafu tukajaribu, hatukuamini tu. Nilichukua simu ya shangazi, nikaingia kwa `Saluni_Wageni`, nikafungua ukurasa wa habari ukafunguka, nikaandika `http://tplinkwifi.net` na haikufunguka. Hivyo ndivyo tulivyotaka. Nikaitoa huko nikaiingiza kwa `Mwembe`, nikaandika anwani ile ile, ukaja ukurasa wa kuingia. Nikajaribu kuweka paswadi ya waifai hapo kama vile yule mtu alivyofanya mara ya kwanza, ikakataa. Nikaweka ya admin, ikafungua.

Shangazi akaandika paswadi ya wageni kwa karatasi mpya kwa mkono wake, akaibandika kwa kioo pale pale pa zamani. Ile karatasi ya mistari mitatu aliikunja akaiweka ndani ya bahasha moja na hati za shamba, na mstari wa mwisho nilikuwa nimemwongezea anwani ya `tplinkwifi.net` na tarehe, ili hata nikiwa mbali fundi mwingine akija asianze kwa kubana riseti.